Jobu ya usiku imekufa, delivari hazijapostiwa na robo mwaka inafungwa: maswali tunayoulizwa kila mara

Hapa naongelea mfumo wa SAP, ile jobu ya usiku inayopiga goods issue, yaani kuandika kwamba mzigo umetoka ghalani, kwa delivari zote zilizopakiwa mchana. Vifupi kama SM37 au VL06G ni kodi unazoandika kufungua skrini husika za SAP. Mfano ninaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni wa usiku wa Septemba 30 kuamkia Oktoba 1, kwa msambazaji mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Ghala lake liko Nyakato na malori yanaenda Sengerema, Geita, Bunda, na mzigo mwingine unapanda meli kwenda Nansio. Usiku ule jobu ilitakiwa kuposti delivari 112, ikaposti 71 ikafa, zikabaki 41. Majina ya programu yanayoanza na Z ni ya kampuni yenyewe, kwako yatakuwa mengine.

Nimefika asubuhi naambiwa jobu imefeli, nianzie wapi?

Anzia SM37. Weka jina la jobu, kwenye jina la mtumiaji weka nyota, tarehe weka ya jana na ya leo zote mbili, maana jobu inayoanza saa 5:30 usiku inaweza kuvuka siku na ukiweka tarehe ya leo peke yake hutaiona, utaanza kusema haikukimbia kabisa. Ukiiona yenye Canceled, iweke alama halafu bonyeza Job log. Yetu ilikuwa hivi:

```
23:30:02 Job started
23:30:02 Step 001 started (program ZSD_POST_GI, variant MWANZA, user ID BATCHSD)
23:47:19 Valuation data for material 400012 is locked by the user MHASIBU2
23:47:19 Job cancelled after system exception ERROR_MESSAGE
```

Watu wengi wanasoma mstari wa mwisho tu, wanapiga picha wanatuma kwenye grupu, "jobu imekufa na ERROR_MESSAGE jamani". Mstari huo haukwambii kitu, unasema tu kwamba programu ilikutana na kosa ikasimama. Sababu yenyewe iko mstari wa juu yake, na ukiugonga mara mbili unapata namba ya ujumbe, hapa ni M3 024. Namba hiyo iandike pembeni, ndo utakayomtajia mtu wa saport na ndo utakayotafutia majibu.

Ukikuta mstari unaosema `ABAP/4 processor:` na jina la kosa mbele yake, hapo programu yenyewe imeanguka, nenda ST22 usome siku na saa ileile. Hiyo ni kesi nyingine, mara nyingi inamhitaji mwandika programu, usipoteze asubuhi kuihangaikia mwenyewe.

Mbona zimepostiwa 71 halafu nyingine hamna, si ingekuwa zote au hata moja isiende?

Inategemea programu ilivyoandikwa. Yetu ilikuwa inahifadhi kila delivari kivyake, ikimaliza moja inafunga, inaenda ya pili. Ikifika ya 72 ikakwama na ikafa palepale, zile 71 za mwanzo zimeshaingia na ziko salama, kuanzia ya 72 mpaka ya 112 hazikuguswa kabisa. Ona hapo: nyingi kati ya zile 41 hazikuwa na tatizo lolote usiku ule, zilikuwa nyuma ya foleni tu, kama malori yanayokwama nyuma ya lori moja lililoharibika barabarani.

Kuna programu nyingine zinahifadhi mwishoni kwa pamoja, hizo zikifa katikati unakuta hata moja haijaingia. Usibahatishe ni ipi, angalia idadi. Kwenye S/4HANA fungua SE16N, jedwali LIKP, kwenye ECC ya zamani hali hiyo inakaa kwenye VBUK, halafu chuja WBSTK. A maana yake haijaanza, B imefanyika nusu, C imekamilika. Weka shipping point yako na tarehe iliyopangwa ya kutoka, yaani WADAT, isiyozidi 30.09.2025, kisha hesabu zisizo C. Kama uko ECC, ambako VBUK haina shipping point wala WADAT, au hupendi majedwali, VL06G inakupa orodha hiyohiyo ya zinazosubiri goods issue. Sisi tulipata 41, na 71 ukijumlisha 41 ni 112, hesabu imefunga. Isipofunga usiendelee mbele, pita SM13 kwanza uone kama kuna posting iliyokwama ikiwa inaandikwa.

SM37 inasema Finished ya kijani kabisa, ila mhasibu anasema delivari hazijaingia. Nani mkweli?

Mara nyingi mhasibu. Finished maana yake programu ilifika mwisho wake bila kuanguka, haina maana kila delivari iliposti. Kuna programu zinazokusanya makosa zinayaandika kwenye orodha zinaendelea na inayofuata, na orodha hiyo iko kwenye spool, humohumo SM37 bonyeza Spool uisome. Kwa maoni yangu hizi zimeandikwa vizuri kuliko ile ya kwetu, kwa sababu delivari moja mbovu haiwazuii wengine, tatizo ni kwamba hamna anayefungua spool asubuhi, watu wanaona kijani wanaenda kunywa chai. Ile hesabu ya WBSTK ifanye kila siku ya mwisho wa mwezi hata kama jobu ni ya kijani.

Hii M3 024 ni nini, na nani kafunga?

Unapoposti mzigo kutoka, mfumo unagusa thamani ya bidhaa kwenye jedwali la MBEW, sasa kama kuna mtu ameshaifungua bidhaa hiyo kwa kubadilisha, mfumo unaweka loki ili msiandike wawili kwa pamoja. Bidhaa 400012 kwetu ni simenti ya mfuko wa kilo 50, yaani ile inayotoka kuliko zote. Dada wa mahesabu alikuwa ameifungua kwa MM02 kwenye kurasa za uhasibu akikagua bei kabla ya kufunga robo mwaka, akapigiwa simu, akatoka akaacha skrini wazi, ikakaa hivyo mpaka usiku.

Nenda SM12, tafuta kwa jina la mtumiaji au kwa jedwali MBEW, utaona loki, saa iliyowekwa na bidhaa yenyewe. Halafu tafadhali usiifute hapohapo! Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wanaingia SM12 wanafuta kila kitu, kumbe mwenye loki yuko katikati ya kuhifadhi na wewe umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia data isigongane. Mpigie kwanza. Sisi tulimwambia tu, "Dada habari za asubuhi, samahani, una MM02 imefunguka tangu jana, ukiweza itoke bila kuhifadhi," akatoka, loki ikaondoka yenyewe. Asipopatikana, angalia AL08 kama bado yuko ndani na hana anachofanya, mtu wa mfumo amtoe kupitia SM04. Kufuta kwenye SM12 kuwe kwa loki ambayo mwenyewe hayupo kabisa kwenye mfumo na hamna kitu chake kinachosubiri kule SM13.

Loki imetoka. Si naiwasha tu jobu tena basi?

Hapana, subiri, hapa ndo pesa inapoharibikia. Leo ni Oktoba 1. Jobu ukiirudisha kama ilivyo, delivari ambazo hazina tarehe halisi ya kutoka zitachukua tarehe ya leo, zitaposti zote bila kosa, kila kitu kijani, na mzigo wa delivari 41 utakuwa umeingia robo mwaka ya nne. Hamna ujumbe mwekundu utakaokwambia. Ghala la Septemba litaonekana na mzigo ambao haupo, gharama ya mauzo ya Septemba itakuwa pungufu, na mauzo yenyewe pia, kwa sababu invoisi inayotegemea delivari haitoki mpaka goods issue ipostiwe. Na ritani ya VAT ya Septemba inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20 Oktoba, kwa hiyo kosa hilo haliishii ndani ya kampuni.

Kuhusu kuposti mara mbili ondoa wasiwasi, delivari ikishakuwa C haipostiki tena, zile 71 hazitaguswa. Cha kuogopa ni tarehe.

Kwa hiyo zote 41 naziposti kwa tarehe 30 Septemba?

Hapana pia. Unaziposti kwa tarehe 30 zile zilizotoka kweli tarehe 30. Mfumo haujui lori lilitoka saa ngapi, anayejua ni mlinzi wa getini. Tulichukua orodha ya delivari 41 tukaenda nayo getini Nyakato, tukakaa na mlinzi na daftari lake tukilinganisha namba moja baada ya nyingine na geti pasi. Ilichukua kama saa moja na nusu. 35 zilikuwa zimetoka tarehe 30, ya mwisho saa 2 usiku. 6 zilikuwa zimepakiwa jioni ila malori yalilala uani yakatoka alfajiri ya tarehe 1, manne ya Geita na mawili yaliyokuwa yanawahi meli ya Nansio. Hizo 6 ni za Oktoba, hata kama karatasi zake zimeandikwa tarehe 30, hata kama meneja wa mauzo anazitaka sana kwenye robo mwaka yake. Meneja alituomba kweli, "Kaka, mzigo si umeshapakiwa, tofauti iko wapi?" Tofauti ni kwamba usiku wa tarehe 30 ule mzigo ulikuwa bado ndani ya uzio wenu, na aliyehesabu stoo usiku huo ameuhesabu.

Kuna jambo moja zaidi la kumwachia mhasibu. Kama makubaliano na mteja ni kwamba mzigo unakuwa wake akiupokea Nansio na sio ukitoka Nyakato, basi hata lililotoka tarehe 30 likafika tarehe 1 lina swali lake upande wa mapato. Kwenye mfumo unaposti kutoka kwa siku lililotoka, ila mpe orodha ya yaliyokuwa njiani usiku ule, aamue yeye.

Naposti vipi kwa tarehe ya jana?

Kwa idadi ndogo kama 35 usitumie jobu, tumia VL06G kwa mkono. Weka shipping point, bandika namba za delivari 35 peke yake, toa orodha, chagua zote, bonyeza Post Goods Issue, itakuuliza tarehe, andika 30.09.2025. Anza na delivari moja tu kwanza. Fungua ile nyaraka ya bidhaa uliyoitengeneza, ona tarehe ya posting ni 30.09, harakati ni 601, na ndani ya nyaraka ya uhasibu kipindi ni 9. Ukiridhika ndo uchukue 34 zilizobaki.

Kuna milango miwili lazima iwe wazi na watu huwa wanaichanganya. Wa kwanza ni kipindi cha bidhaa kinachofunguliwa na MMPV. MMPV ikishafungua Oktoba, Septemba bado inapokea kama kipindi kilichopita, isipokuwa kama mtu ameizuia kupitia MMRV. Ukigonga mlango huu ukiwa umefungwa unapata M7 053:

```
Posting only possible in periods 2025/09 and 2025/08 in company code 1000
```

Soma vipindi vilivyotajwa hapo, vyenyewe vinakujibu. Hapa unasema 2025/09 na 2025/08, maana yake Oktoba haijafunguliwa bado, na hili ndo linaua jobu nyingine zinazovuka saa 6 usiku, zinaanza na tarehe ya Septemba zinamalizikia Oktoba ambayo hamna aliyeifungua.

Mlango wa pili ni wa uhasibu, OB52, huo ukifungwa ujumbe ni F5 201, kwamba kipindi 009 2025 hakijafunguliwa. Hapo huna cha kufanya wewe, ni mhasibu mkuu ndo anafungua, na ana haki ya kuuliza kwa nini. Nenda na ile orodha ya getini mkononi. Mwambie afungue mstari wa + na akaunti za aina ya M na S, pamoja na D kwa ajili ya invoisi, kwa saa moja, ukimaliza unampigia anafunga. Sisi tulikuta MMPV imeshakimbia na OB52 bado iko wazi mpaka tarehe 3, tukashukuru Mungu tukaendelea.

Zimeenda 33, mbili zinasema Deficit of SL Unrestricted-use. Hizi nazo?

Hizi ndo zingeiua jobu hata kama loki isingekuwepo, zilikuwa zimejificha nyuma yake. Ujumbe ni M7 021:

```
Deficit of SL Unrestricted-use 120 BAG : 400012 MW01 0001
```

Usome hivi: kwenye ghala MW01, sehemu 0001, simenti imepungua mifuko 120 ili delivari hii itoke. Delivari ilikuwa ya mifuko 600 kwenda Sengerema, na MMBE ilionyesha mfumo una 480. Sasa lori lilishatoka na mifuko 600 imeshavuka daraja la Kigongo–Busisi, mifuko 120 haiwezi kuwa imetoka hewani. Kwa hiyo swali linakuwa, mfumo haujaambiwa nini? Kumbe jioni ya tarehe 30 liliingia lori la kiwanda na mifuko 600, vijana wakashusha, mwenye stoo akasaini delivari noti akaiweka kwenye trei akaenda nyumbani, MIGO haijafanyika. Tukaingiza mapokezi yale kwa tarehe ya posting 30.09, kwa sababu noti ilikuwa na saini na tarehe hiyo na daftari la geti lina lori hilo, mfumo ukawa na 1,080, delivari ikatoka, zikabaki 480, na tulipohesabu tukakuta 480 kweli sakafuni.

Ya pili ilikuwa ndoo za rangi, zenyewe zipo ila mfumo uliziona sehemu 0002 wakati delivari inazitafuta 0001. Hiyo ni kuhamisha kwa MIGO, harakati 311, tarehe 30.09, halafu unaposti.

Usikubali ushauri wa kuruhusu stoku hasi "kwa leo tu ili tufunge". Ungefanya hivyo delivari ya Sengerema ingepita, mapokezi ya mifuko 600 yangekuja kuingizwa Oktoba, na Septemba ingefungwa na simenti ya hasi 120 wakati ghalani iko 480.

Nitajuaje kwamba nimemaliza kweli?

MB51, harakati 601, ghala MW01, tarehe ya posting 30.09.2025, halafu ongeza safu ya tarehe ya kuingiza. Tulitakiwa kuona zilizoingizwa 01.10 zenye posting ya 30.09 ziwe za delivari 35, na ndivyo ilivyokuwa. Delivari 6 za Oktoba zikapostiwa kwa tarehe 01.10. 71 na 35 ni 106 za Septemba, na 6 za Oktoba, jumla 112. Tofauti hiyo ya tarehe ya kuingiza na ya posting ndo kitu cha kwanza mkaguzi atakachokiona, kwa hiyo ile logi ya jobu, picha ya SM12 na kurasa za daftari la geti viweke kwenye faili moja siku hiyohiyo, maana logi za SM37 huwa zinafutwa baada ya siku kadhaa.

Kisha VF04, toa invoisi za zile 35. Angalia tarehe ya invoisi kabla ya kuhifadhi, kama kuna mtu ameweka tarehe ya leo kwenye ukurasa wa data za awali itafunika zote, na utakuwa umeokoa gharama ya Septemba ukapeleka mauzo yake Oktoba, hapo ni bora hata usingegusa.

Tufanye nini isitokee tena Desemba?

Tulibadilisha vitu viwili tu. Siku ya mwisho wa robo mwaka jobu inakimbia saa 3 usiku na tena saa 5, ili kama ya kwanza imekwama kuna mtu bado yuko macho wa kutoa loki na siku haijabadilika. Na programu ikabadilishwa, ikikuta kosa iandike kwenye orodha iende inayofuata. Kwa mabadiliko haya usiku ule ingeruka delivari za simenti na ile ya ndoo za rangi tu, nyingine zote zingepita.

Nimekosea, moja ya zile za tarehe 1 nimeiposti kwa tarehe 30. Nairudishaje?

VL09, weka namba ya delivari, hakikisha tarehe ya kurudisha ni 30.09.2025 na sio ya leo, la sivyo Septemba itabaki na ile ya kutoka na Oktoba itapata ya kurudi. Itatengeneza harakati 602 na delivari itarudi A, halafu iposti upya kwa 01.10. Ila kama invoisi yake imeshatoka VL09 itakukatalia, anza na VF11 kufuta invoisi, na hiyo nayo angalia tarehe yake.